Facebook inajuaje kuwa unatafuta kiwanja? Mwongozo kamili wa kufuta shughuli za nje, mada za matangazo na kumbukumbu za mahali

Chukulia mtu anayekaa Tabata. Usiku mmoja anatafuta kiwanja Kigamboni kwa simu, anaingia kwenye tovuti ya wauza viwanja, anaangalia bei, kisha anajaza fomu fupi ya jina na namba ya simu ili apigiwe. Facebook hajaigusa kabisa. Asubuhi yuko kwenye daladala, anafungua Facebook, na tangazo la tatu kukutana nalo ni viwanja vya Kigamboni, vimepimwa, hati ipo, unalipa kidogo kidogo. Wengi hapo husema simu imewasikiliza. Haikuwa na haja ya kusikiliza, kwa sababu tovuti ile ilipeleka taarifa yenyewe.

Kinachowachanganya watu wakitaka kufuta ni kwamba taarifa hizi hazikai sehemu moja. Ziara ya kwenye tovuti inakaa kwenye orodha ya shughuli za nje ya Facebook. Dhana kwamba wewe ni mpenda viwanja inakaa kwenye mada za matangazo. Namba aliyoijaza kwenye fomu inaweza kuwa imepakiwa na muuzaji kama orodha ya wateja, na hiyo ina ukurasa wake wa tatu. Ukifuta moja ukaacha mbili, tangazo linarudi na unabaki kudhani kitufe hakifanyi kazi.

Majina ya vitufe hapa chini yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye Facebook ya Kiingereza. Kama yako iko kwa Kiswahili, ibadilishe lugha kwa muda ule wa kazi halafu uirudishe, itakupunguzia kubahatisha. Wanaotumia Facebook Lite wasihangaike kutafuta kila kitu ndani ya programu hiyo. Wafungue kivinjari, waingie kwenye akaunti yao kupitia `accountscenter.facebook.com`, na wafanye kazi kutokea hapo. Facebook huhamisha menyu mara kwa mara, kwa hiyo usipokuta kitu pale kilipotajwa, andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa mipangilio.

Kabla ya kufuta chochote

Kuna kosa moja linalowatia watu hasara, nalo ni kukimbilia kitufe cha kukata shughuli za nje bila kuangalia ni programu gani unaziingilia kwa akaunti ya Facebook. Ukishakata, huwezi tena kuingia kwenye programu au tovuti nyingine kwa kutumia Facebook. Kama mchezo wa mwanao, programu ya kusikiliza muziki au akaunti ya duka la mtandaoni ulifungua kwa kubonyeza "endelea na Facebook" na hukuwahi kuweka nenosiri lingine, umejifungia nje.

Kwa hiyo anzia hapa: `Menu`, `Settings & privacy`, `Settings`, kisha tafuta `Apps and websites`. Utaona orodha. Kila unayoihitaji, ifungue yenyewe, uongeze barua pepe na nenosiri lake, utoke, kisha ujaribu kuingia kwa njia hiyo mpya. Jaribu kweli, usiamini tu ujumbe wa "imehifadhiwa". Usizozihitaji, zitoe hapo hapo kwa `Remove`.

Pili, chukua nakala ya kilichopo, maana ukishasafisha hutajua tena nani alikuwa anapeleka nini. Nenda `Accounts Center`, `Your information and permissions`, kisha sehemu ya kupakua au kuhamisha taarifa zako. Usikubali kupakua kila kitu. Picha na video za miaka kumi zitamaliza bando lote kwa faili usilolihitaji. Chagua aina za taarifa mwenyewe, weka alama kwenye zinazohusu programu na tovuti za nje ya Facebook pamoja na zinazohusu matangazo, acha picha, machapisho na ujumbe. Kama utasomea kwenye simu chagua muundo wa HTML. Ukipenda kuchambua kwenye kompyuta chagua JSON. Faili haliji papo hapo: utapata taarifa likiwa tayari, na kiungo chake hakidumu, kwa hiyo lipakue mapema.

Kwa yule mtu wa Tabata, ndani ya faili la JSON kungekuwa na kipande kama hiki:

```json
{
  "name": "viwanja.mfano.co.tz",
  "events": [
    { "type": "PAGE_VIEW", "timestamp": 1717265520 },
    { "type": "LEAD", "timestamp": 1717265940 }
  ]
}
```

Namba ndefu ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970. Ya kwanza, kwa saa za Dar es Salaam, ni tarehe 1 Juni 2024, saa tatu na dakika 12 usiku: amefungua ukurasa. Ya pili ni dakika saba baadaye, na neno `LEAD` maana yake amejaza fomu. Hiyo ya pili ndiyo yenye thamani kwa muuzaji. Mtu aliyefungua ukurasa ni mpita njia, aliyeacha namba ni mteja mtarajiwa.

Itafaa kuelewa taarifa hiyo ilifikaje, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini hatua zifuatazo zina mpangilio. Njia ya kwanza ni kipande kidogo cha msimbo kinachoitwa pikseli ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ambacho mwenye tovuti amekiweka kwenye kurasa zake. Kinapofunguka, kinaacha kwenye kivinjari kidakuzi, yaani faili dogo la kumbukumbu, kinachoitwa `_fbp`, na kinapeleka habari Facebook. Njia ya pili haipiti kwenye simu yako kabisa: kompyuta ya muuzaji inaongea na kompyuta za Meta moja kwa moja. Inachukua namba uliyojaza, inaiandika kwa mtindo wa 255 bila sifuri ya mbele, inaigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, kisha inaupeleka. Facebook imefanya ugeuzaji uleule kwa namba uliyojisajilia. Mifuatano miwili ikilingana, wamekupata, hata kama kwenye kivinjari kile hukuwa umeingia Facebook. Ndiyo maana kufuta historia ya kivinjari peke yake hakusaidii sana.

Funga bomba kwanza, deki baadaye

Watu wengi huanza kwa kufuta yaliyopita. Ni sawa na kudeki maji huku bomba linamwaga, kwani kufikia jioni orodha imeanza kujaa upya. Anza na yajayo.

Fungua `Accounts Center`, `Your information and permissions`, kisha `Your activity off Meta technologies`. Ukikwama, kwenye kivinjari andika `facebook.com/off_facebook_activity`. Kama una Instagram na Facebook zaidi ya moja, hakikisha unajua ni wasifu upi unaoushughulikia. Akaunti ambayo haijaunganishwa kwenye `Accounts Center` hiyo hiyo haiguswi, lazima uirudie kivyake.

Kabla ya kubonyeza, ingia `Recent activity` na uisome. Utaona majina ya tovuti na programu, na idadi ya mara zilizopeleka taarifa. Wengi hushangazwa na programu walizosahau kama wanazo kwenye simu. Hizo ni za kufuta kwenye simu yenyewe, maana programu isiyokuwepo haipeleki kitu.

Sasa gusa `Manage future activity`, chagua `Disconnect future activity`, soma onyo, thibitisha. Halafu rudi nyuma, gusa `Clear previous activity`, thibitisha tena. Fanya zote mbili hata kama skrini inakupa picha kwamba moja imetosha. Hazigharimu kitu. Baada ya hapo unaweza kujikuta umetolewa kwenye baadhi ya programu ulizokuwa umeingia kwa Facebook, ndiyo sababu ya kazi ile ya nenosiri hapo mwanzo.

Kama kuna programu moja ambayo lazima uiingie kwa Facebook na haina njia nyingine, usikate zote. Tumia `Disconnect specific activity` na utoe wengine mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, na tovuti mpya utakayotembelea kesho itaanza kuhesabiwa tena. Ushauri wetu ni kuachana na programu hiyo kama inawezekana.

Hapa kuna mpaka ambao lazima usemwe wazi. Kitufe kinasema kufuta, ila kinachofanyika ni kutenganisha. Facebook inaondoa kinachoonyesha kwamba ziara ile ni yako. Ziara yenyewe haichomwi moto. Na ukikata shughuli zijazo, tovuti zinaendelea kupeleka kama kawaida. Facebook inasema inazitenganisha na akaunti yako ndani ya saa 48 tangu izipokee, na katikati ya muda huo inaweza kuzitumia kupima matangazo na kuboresha mifumo yake. Matangazo hayapungui idadi, yanapungua tu kukulenga.

Kosa la kawaida hapa ni papara ya kuhakiki. Mtu anasafisha Jumatatu, Jumatano anafungua orodha anakuta majina mawili, anaanza kulalamika. Shughuli huchukua siku kadhaa hadi kuonekana kwenye orodha, kwa hiyo ulichokifanya Jumapili kinaweza kujitokeza baada ya wewe kufuta. Subiri wiki, futa tena. Kama wiki ya pili bado yanaongezeka, basi kukata kwa mbele hakukushika, au ulikufanya kwenye wasifu mwingine.

Mada na makundi: wanachodhani kuhusu wewe

Kusafisha shughuli za nje hakugusi dhana zilizojengwa kutokana na unachokipenda, unachokitazama na unachokibofya ndani ya Facebook na Instagram. Hizo zipo `Accounts Center`, `Ad preferences`, au kwa mkato `facebook.com/adpreferences`.

Kuna `Ad topics`. Mtu wetu atafute neno `Real estate`, achague `See less`. Hakuna kitufe cha "futa mada zote", na hata `See less` inapunguza tu, haizuii. Kwa hiyo usijaribu kupitia mada zote, utakesha. Tafuta tano au sita zinazokukera. Wanaochoshwa na matangazo ya kubeti watafute `Gambling`. Kumbuka pia kwamba ukibofya tangazo la kiwanja kwa udadisi wiki ijayo, umepeleka ishara mpya.

Kwenye ukurasa huohuo, ndani ya `Manage info`, kuna `Categories used to reach you`. Hapa ndipo penye mambo. Juu kuna vitu ulivyoviandika mwenyewe kwenye wasifu: mwajiri, cheo, elimu, hali ya ndoa. Zima vyote. Havifutiki kwenye wasifu wako, ila mtangazaji hatavitumia kukufikia. Chini yake kuna makundi ambayo mfumo umekupanga wenyewe, kwa mfano aina ya simu unayotumia, au kwamba uko mbali na kwenu. Yaguse moja moja, uyaondoe. Usishangae kundi kama la simu likirudi baadaye, kwa sababu linatokana na kifaa unachofungulia. Tangu tarehe 19 Januari 2022 Meta iliwaondolea watangazaji chaguo za kulenga kwa mada nyeti kama afya, dini, siasa na mwelekeo wa kijinsia, kwa hiyo usipoziona hapo usidhani zimefichwa na simu yako.

Bado uko `Manage info`, gusa `Activity information from ad partners` na ukatae. Hii inafanana na kile ulichokikata juu, ila ni kitufe tofauti: kile kilitenganisha kumbukumbu na akaunti, hiki kinahusu kuonyeshwa matangazo kwa msingi wa taarifa za washirika.

Halafu kuna `Audience-based advertising`, ukurasa ambao wengi hawaufikii. Humo yamo majina ya biashara zilizopakia orodha za wateja ambamo namba au barua pepe yako imo. Mtu wa Tabata atamkuta muuzaji wa viwanja hapa, hata kama amesafisha shughuli zote za nje, kwa sababu orodha haikupitia kwenye pikseli. Ingia kwenye jina la biashara, utakuta chaguo mbili: moja ya kutumia orodha kukuonyesha matangazo, nyingine ya kutumia orodha kukuficha matangazo. Kataa zote mbili. Ni kazi ya biashara moja baada ya nyingine, na mpya zikiingia hakuna anayekupigia hodi, kwa hiyo pitia ukurasa huu kila baada ya miezi mitatu hivi.

Lakini orodha yenyewe iko kwa muuzaji, na Facebook haiwezi kuingia kwenye kompyuta yake. Hapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kumtaka anayeshika taarifa zako aache kuzitumia kukutangazia biashara. Mwandikie kwa maandishi, WhatsApp au barua pepe, ili ubaki na ushahidi. Sentensi mbili zinatosha: "Namba yangu hii niliijaza kwenye fomu yenu tarehe fulani. Naomba muifute kwenye orodha zenu za matangazo, pamoja na mlizopakia kwenye mitandao ya kijamii, na mnijulishe mkishafanya hivyo." Akikaa kimya, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jambo moja zaidi kuhusu namba. Kama namba uliyojisajilia Facebook ndiyo hiyo hiyo unayoijaza kwenye kila fomu ya duka na kila agizo la bodaboda, ulinganishaji utakuwa rahisi kila siku. Unaweza kuiondoa Facebook na kubaki na barua pepe, lakini kwa mpangilio huu: ongeza barua pepe na uithibitishe, weka ulinzi wa hatua mbili kwa programu ya kutoa misimbo badala ya SMS, ndipo uitoe namba. Ukianza kwa kutoa namba halafu ukasahau nenosiri, kuirudisha akaunti ni shughuli.

Mahali ulipo

Hapa kuna habari nzuri ambayo miongozo mingi ya zamani haijaisasisha. Kile kilichoitwa `Location History`, yaani kumbukumbu ya nyendo zako siku hadi siku, Facebook ilikifunga tarehe 31 Mei 2022 pamoja na huduma ya kuwaona marafiki walio karibu. Ukihangaika kukitafuta kitufe chake ukifute, hutakipata. Kumbukumbu ya safari zako kwenye ramani za Google ni kitu kingine kabisa, inafutwa huko huko Google.

Kilichobaki ni vyanzo vidogo vidogo. Kikubwa ni ruhusa ya simu. Kwenye Android, fungua mipangilio ya simu, `Apps`, `Facebook`, `Permissions`, `Location`, chagua `Don't allow`. Rudia kwa Instagram na Messenger. Kwenye iPhone ni `Privacy & Security`, `Location Services`, kisha jina la programu, `Never`. Halafu kuna mahali ulipojitangaza mwenyewe: fungua wasifu wako, sehemu ya `Check-ins`, ufute ule msururu wa "niko Coco Beach" wa miaka iliyopita. Kwenye kamera ya simu zima uhifadhi wa mahali, picha zisibebe vipimo vya pale ulipopigia.

Ukishafanya hayo, Facebook bado itajua uko Dar es Salaam. Inakisia kutokana na anwani ya mtandao unaoutumia, na Meta haina kitufe cha kuzima hilo. Mwezi Desemba 2019 kampuni ilikiri kwa maseneta wawili wa Marekani kwamba huendelea kukadiria mahali hata mtu akizima huduma ya mahali kwenye simu. Makadirio hayo ni ya jiji, siyo ya mtaa, na kwa bando la simu yanaweza kukosea: uko Morogoro, Facebook inakuhesabu Dar.

Ukiwa bado kwenye simu, futa kitambulisho cha matangazo. Kwenye Android ni mipangilio, `Google`, `Ads`, kisha `Delete advertising ID`. Kwenye matoleo mapya `Ads` huwa ndani ya `All services`. Ukibonyeza, programu zinazouliza kitambulisho hicho hupewa sifuri tupu. Kwenye iPhone ingia `Privacy & Security`, `Tracking`, uzime `Allow Apps to Request to Track`. Malizia kwa kufuta vidakuzi vya kivinjari, ili kile cha `_fbp` kiondoke. Kitazaliwa kingine ukiingia kwenye tovuti yenye pikseli, ila hakitakuwa na kumbukumbu ya kile cha kwanza.

Kuhakiki baada ya wiki mbili

Fungua tena `Your activity off Meta technologies`. Orodha iwe tupu. Kisha subiri tangazo la kiwanja, maana litakuja, gusa nukta tatu pembeni yake, halafu `Why am I seeing this ad?`. Soma sababu kwa makini, kwa sababu zinakuambia ni ukurasa upi bado una kitu. Ikitajwa orodha ya wateja, rudi `Audience-based advertising`. Ikitajwa mada au mambo uliyoyapenda, rudi `Ad topics`. Ikitajwa shughuli kwenye tovuti, kukata kwa mbele hakukushika. Na ikisema tu kwamba mtangazaji anatafuta watu wa umri wa miaka 25 hadi 45 walioko Dar es Salaam, basi tangazo lile lile limetumwa kwa nusu ya abiria mliopanda nao daladala, na kwa upande wako hakuna kilichobaki cha kufuta.